Kijiti kimoja, mageti manne

Anayesubiri lifti ifike ghorofa ya sita na anayetazama pampu ya petroli ikihesabu lita wote wanasoma tarakimu za aina moja: zile zilizoundwa kwa vijiti saba vya mwanga. Vijiti vitatu vimelala na vinne vimesimama. Vyote vikiwaka inaonekana 8. Vikiwaka viwili vya kulia peke yake inaonekana 1. Mafundi wamevipa majina ya herufi, kuanzia a cha juu kabisa, kisha kuzunguka kwa mwendo wa saa hadi f, na g ndicho kinacholala katikati. Hapa kitafuatwa kimoja tu, e, kilichosimama chini upande wa kushoto.

Kimechaguliwa kwa sababu ndicho kivivu kuliko wenzake. Kati ya tarakimu kumi, e huwaka katika 0, 2, 6 na 8 tu. Kijiti chenye kazi ndogo kiasi hicho kinapaswa kuhitaji vifaa vichache, lakini fundi anayekimbilia kuunganisha waya kabla ya kupiga hesabu atajikuta amekitumilia chipu nne. Aliyekaa kwanza na penseli na karatasi yenye vyumba kumi na sita hutumia moja.

Mashine yenyewe haijui umbo la tarakimu. Namba huifikia kupitia waya nne, na kila waya ama ina umeme, yaani 1, ama haina, yaani 0. Karatasi za maelezo za viwandani huziita waya hizo D, C, B na A. Waya A ina thamani ya 1, B ina 2, C ina 4 na D ina 8. Kwa hiyo sita ni C na B zikiwa na umeme pamoja, na tisa ni D na A. Kinachotakiwa ni kifaa kitakachotazama waya hizo nne na kuamua: e iwake au isiwake?

Uamuzi huo huanza kwenye jedwali la ukweli, ambalo ni orodha ya hali zote zinazowezekana na jibu la kila hali. Waya nne hutoa hali kumi na sita, lakini tarakimu ni kumi tu.

```
namba   D C B A   e
0       0 0 0 0   1
1       0 0 0 1   0
2       0 0 1 0   1
3       0 0 1 1   0
4       0 1 0 0   0
5       0 1 0 1   0
6       0 1 1 0   1
7       0 1 1 1   0
8       1 0 0 0   1
9       1 0 0 1   0
10-15             X
```

Ile X ya mwisho inasema haijalishi. Ikiwa mashine haitatuma kamwe namba 10 hadi 15, hakuna atakayelalamika e ikiwaka au ikizimika hapo. Hali hizo sita zinaonekana kama mabaki yasiyo na kazi, na wanaoanza huzijazia sifuri ili waendelee na mambo mengine. Kumbe humo ndimo akiba kubwa ilimojificha.

Kutoka kwenye jedwali, njia ya moja kwa moja ni kuandika sharti moja kwa kila 1. Sifuri inataka D, C, B na A zote zisiwe na umeme. Mbili inataka B peke yake iwe nao, na kadhalika. Sharti la namna hiyo hutekelezwa na geti la AND, ambalo hutoa 1 viingizo vyake vyote vikiwa 1 tu. Geti la NOT hugeuza 1 kuwa 0 na 0 kuwa 1. Geti la OR hutoa 1 hata kiingizo kimoja tu kikiwa 1. Ukiandika kinyume cha A kama A', kijiti chetu kitasomeka hivi:

```
e = D'C'B'A' + D'C'BA' + D'CBA' + DC'B'A'
```

Herufi zilizoshikana ni AND, na alama ya kujumlisha ni OR. Hakuna kosa hapo, na saketi yake itafanya kazi. Lakini ukienda dukani utabeba chipu ya 7404 kwa ajili ya kugeuza waya, chipu mbili za 7421 kwa sababu kila moja ina mageti mawili tu ya AND yenye viingizo vinne, na 7432 ya kukusanya majibu. Hizo ni chipu nne kwa kijiti kimoja, na bado sita vinangoja.

Dawa yake ina umri mrefu. Mwaka 1854 George Boole alichapisha aljebra ya kweli na uongo, na mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili huko MIT, alionyesha kwamba aljebra hiyohiyo inatawala swichi na rilei. Kanuni inayohitajika hapa ni moja, nayo ni nyepesi: mistari miwili ikitoa 1 na ikitofautiana kwa herufi moja tu, herufi hiyo haina sauti, basi ifutwe. Namba 0 ni D'C'B'A' na namba 8 ni DC'B'A'. Iwe D ina umeme au haina, jibu ni lilelile, kwa hiyo yote mawili yanabaki C'B'A'.

Tabu ni kuyaona majirani hayo. Katika jedwali, 0 iko juu kabisa na 8 iko karibu na chini, zikitenganishwa na mistari saba. Jicho halina sababu ya kuzioanisha. Kwa waya nne mtu anaweza kulinganisha mstari kwa mstari akachoka na kukosea. Ukiongeza herufi, uvumilivu huisha kabla ya karatasi.

Edward Veitch alipendekeza mwaka 1952 kulikunja jedwali liwe mraba. Mwaka uliofuata Maurice Karnaugh, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell nchini Marekani, aliurekebisha mraba huo ukawa chombo ambacho wanafunzi wa elektroniki wanakitumia hadi leo na kukiita kwa jina lake. Wazo la kupanga hoja za mantiki kwenye mraba lilikuwa limeshaguswa na Allan Marquand mwaka 1881, miongo mingi kabla ya mtu kuwa na chipu ya kuunganisha. Mchango wa Karnaugh ulikuwa kwenye mpangilio wa safu, na hapo ndipo nguvu yote ilipo.

Ramani ya kijiti e ni hii. Mistari inafuata D na C, safu wima zinafuata B na A:

```
         BA
DC     00  01  11  10
00      1   0   0   1
01      0   0   0   1
11      X   X   X   X
10      1   0   X   X
```

Tazama vichwa vya safu: 00, 01, 11, 10. Anayezoea kuhesabu angetarajia 10 ije kabla ya 11. Lakini kutoka 01 kwenda 10 herufi mbili hubadilika kwa pamoja, na ule ujirani wa herufi moja huvunjika. Mpangilio wa Karnaugh, unaojulikana kwa jina la Frank Gray wa maabara hizohizo za Bell, hubadilisha herufi moja kwa kila hatua. Matokeo yake, vyumba viwili vinavyogusana ubavu kwa ubavu vinatofautiana kwa herufi moja tu, na kazi ya aljebra inageuka kuwa kazi ya macho.

Ujirani hauishii kwenye ukingo. Safu ya 00 na ya 10 nazo zinatofautiana kwa herufi moja, vivyo hivyo mstari wa juu na wa chini. Ramani inajizungusha kama mkeka uliokunjwa hadi ncha zake zikakutana, kwanza kwa upana, kisha kwa urefu.

Sasa fundi huzungushia penseli makundi ya 1. Kundi lazima liwe la mstatili na liwe na vyumba 1, 2, 4, 8 au 16. Vitatu au sita havifuti herufi yoyote kwa ukamilifu. Kila ukubwa ukiongezeka mara mbili, herufi moja inaanguka. Kwa hiyo sheria ya mkono ni kutafuta makundi makubwa kadiri inavyowezekana, halafu kutumia machache kadiri inavyowezekana, na hakuna ubaya chumba kimoja kikiwa ndani ya makundi mawili.

Jaribu kwanza bila zile X, ukizihesabu kuwa sifuri. Mbili na sita zinagusana upande wa kulia, na zinatoa D'BA'. Sifuri na nane zinakutana kwa kuzunguka ukingo wa juu na chini, na zinatoa C'B'A'. Kutoka masharti manne ya herufi nne tumebaki na mawili ya herufi tatu. Si haba.

Kisha ruhusu X ziwe 1 pale zinapofaa. Safu ya mwisho kulia yote, yaani 2, 6, 14 na 10, inakuwa kundi la vyumba vinne. Katika safu hiyo D na C hubadilikabadilika, kinachobaki palepale ni B kuwa 1 na A kuwa 0. Kundi la pili ndilo wengi hulikosa: pembe nne. Juu kushoto kuna 0, juu kulia 2, chini kushoto 8, chini kulia X ya 10. Kwenye karatasi ziko mbalimbali kabisa, lakini ramani ikizungushwa pande zote mbili zinakuwa mraba mmoja. Katika pembe hizo C ni 0 na A ni 0.

```
e = BA' + C'A'
e = A'(B + C')
```

Mstari wa pili umetoa A' nje ya mabano. Na D? Imetoweka. Waya ya nane haihitaji hata kuunganishwa, jambo ambalo hakuna mtu angelibashiri kwa kutazama jedwali.

Kabla ya kuamini fomula, ni busara kuisoma kwa lugha ya kawaida. A' maana yake namba ni shufwa, kwa kuwa A ndiyo waya ya moja. Mabano yanakataa hali moja tu: C ikiwa 1 huku B ikiwa 0, na miongoni mwa tarakimu shufwa hiyo ni 4. Kwa hiyo fomula inasema e iwake kwa kila tarakimu shufwa isipokuwa nne. Sifuri, mbili, sita, nane. Ndivyo ilivyo.

Hatua ya kubadilisha fomula kuwa vifaa ina ujanja wake. Maduka ya vipuri huwa na chipu ya 7400 hata pale nyingine zinapokosekana. Ndani yake mna mageti manne ya NAND, na NAND hutoa 0 pale tu viingizo vyake vyote viwili vikiwa 1. Ukiviunganisha viingizo hivyo pamoja, geti linakuwa NOT. Mabano yetu, B + C', ni sawa na kusema si kweli kwamba C ipo na B haipo, na hilo ndilo hasa NAND ya C na B' inalotoa. Geti la kwanza linatengeneza B', la pili linatengeneza mabano, la tatu linatengeneza A', na la nne linaunganisha A' na mabano. Mageti manne yametosha, na chipu haikubakiza hata moja.

Geti hilo la nne, kwa kuwa ni NAND, linatoa kinyume cha e: 0 wakati kijiti kinapotakiwa kuwaka. Anayetaka kulisahihisha kwa NOT nyingine asiwe na haraka. Kuna tarakimu za LED ambazo vijiti vyake vyote vinashirikiana upande wa chanya. Mguu wa pamoja huenda kwenye volti 5, na kijiti huwaka kinapovutwa kwenda 0. Tarakimu ya aina hiyo inataka kinyume hichohicho.

Miguu ya 7400 inapangwa hivi. Mguu wa 14 ni volti 5, wa 7 ni hasi. Waya B inaingia miguu ya 1 na 2. Jibu lake kwenye mguu wa 3 linapelekwa mguu wa 4, na C inaingia wa 5. Waya A inaingia 9 na 10. Mguu wa 8 unakwenda 12, wa 6 unakwenda 13, na wa 11 unatoka kupitia rezista ya omu 470 hadi kijiti e. Kwa LED nyekundu rezista hiyo hupitisha mkondo usiofika milliampea 6, na chipu ya aina ya 74LS00 inahimili hadi 8 inapovuta kwenda chini.

Baada ya kuunganisha, jedwali lilelile la mwanzo linarudi mezani, safari hii kama kipimo. Namba zote kumi hupitishwa moja baada ya nyingine, na makosa huwa na sura zake. Kijiti kikiwaka katika 1 na kuzimika katika 2, waya zimepangwa kinyume, D mahali pa A. Ni kosa la kawaida kwa sababu baadhi ya vitabu huiita A ile yenye thamani ya nane. Kikiwaka kwa unyonge katika 1, 3, 4, 5, 7 na 9, yaani kinyume cha kinachotakiwa, fundi ameweka tarakimu inayoshirikiana upande wa hasi. Kisipowaka kabisa, mshukiwa wa kwanza ni waya A iliyoachwa ikining'inia. Chipu za 74LS kwa kawaida husoma kiingizo kisichounganishwa kuwa 1, na A ikiwa 1 muda wote e haina ruhusa ya kuwaka. Za 74HC zina ukorofi zaidi: kiingizo kinachoelea husoma chochote, na kijiti hupepesa mkono unapokaribia. Tiba ni rezista ya kilo-omu 10 kutoka kila kiingizo hadi volti 5, na swichi inayokivuta kwenda hasi.

Makosa mengine huzaliwa kwenye karatasi. Aliyepanga safu kwa mtindo wa kuhesabu, 00, 01, 10, 11, atakuta pembe zake nne zimetawanyika; kundi la vyumba vinne litampotea, naye atajenga saketi kubwa bila kujua kwa nini. Katika ramani nyingine hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu ataunganisha vyumba vinavyoonekana majirani kumbe vinatofautiana kwa herufi mbili, na saketi itatoa jibu la uongo.

X nazo ni ahadi, na ahadi huwa na masharti. Chipu ya kuhesabu 7490 hurudi sifuri baada ya tisa. Ndugu yake 7493 huendelea hadi kumi na tano. Mtu akibadilisha moja kwa nyingine baada ya ramani kuchorwa, zile hali sita zisizowezekana zinaanza kutokea. Kwenye tarakimu atacheka tu. Kama X zilikuwa za saketi inayowasha mota, hakuna wa kucheka.

Ramani ina mipaka yake. Kwa herufi tano huhitajika mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine, kwa sita nne, na zaidi ya hapo macho hayaoni tena. Hapo kazi hupewa njia ya Quine na McCluskey, iliyokamilishwa na McCluskey mwaka 1956, ambayo hulinganisha masharti kwa orodha na hivyo inafaa kompyuta. Mpaka mwingine ni kwamba ramani moja huona kijiti kimoja. Popote e inapowaka, d cha chini nacho huwaka, kwa hiyo masharti BA' na C'A' yatajitokeza tena ndani ya fomula ya d. Ramani ya d haitakwambia kwamba umeshayajenga. Ni juu ya fundi kuziweka karatasi zote saba ubavuni mwa nyingine.

Zipo chipu zilizofanya kazi yote ya vijiti saba tangu kiwandani, na mashuhuri kati yake ni 7447. Karatasi yake ya maelezo huonyesha pia kinachotokea kwa namba 10 hadi 15: maumbo ya ajabu, kimoja kama c ndogo, kingine kama t, na kwa 15 giza tupu. Anayeyaona kwa mara ya kwanza hudhani ni alama za siri. Mtu aliyechora ramani ya e anaweza kuyasoma. Fomula yetu inakiwasha kijiti hicho katika 10 na 14, na kukizima katika 11, 12, 13 na 15, na ndivyo hasa 7447 inavyofanya.

Chipu hiyo ina jambo jingine linalowatatiza watu: sita yake haina kofia. Kijiti cha juu, a, huzimika, na sita inafanana na b ndogo. Ukichora ramani ya a na kukusanya sifuri badala ya moja, utaona faida yake ya kihesabu. Sita ikiwa na kofia, 4 inabaki na X ya 12 peke yake, na sharti la kuzima ni CB'A'. Kofia ikivuliwa, 4, 6, 12 na 14 zinakutana kwa kuzunguka ukingo, na sharti linakuwa CA'. Kwa anayetaka sita yenye kofia ipo chipu nyingine ya ukoo huo, 74247.